Futa A, Ukoo Ubaki

Kijana wa jirani yangu yuko kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Jumamosi moja jioni alikuja barazani kwangu na daftari lenye ukurasa uliofutwafutwa mpaka karatasi imetoboka. Swali lilikuwa fupi: tafuta mlinganyo tofautishi wa ukoo wa parabola y = Ax². Chini yake alikuwa ameandika y′ = 2Ax, akapigia mstari mara mbili kama mtu aliyemaliza kazi. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya jibu hilo bila huruma.

"Shikamoo Mwalimu," alisema. Niliacha kufundisha miaka mingi iliyopita, lakini mtaani jina hilo halijanitoka. "Hebu niangalizie hapa. Nimetofautisha sawasawa, mbona nimepata sifuri?"

"Marahaba. Umetofautisha sawasawa," nikamwambia. "Lakini A bado imekaa hapo."

"Si konstanti tu, Mwalimu? Inakaa."

Swali lake lilikuwa la haki, na vitabu vingi hulipita mbio. Huandika "ondoa konstanti", vikaonyesha mistari mitatu ya hesabu, vikahamia kwenye zoezi. Mwanafunzi anajifunza kuondoa bila kujua anaondoa nini, wala kwa nini aondoe. Nikachukua kipande cha chaki, tukakaa chini kwenye sakafu ya saruji.

Nilichora mistari miwili iliyokatana, mmoja wa x na mmoja wa y, kisha nikamwambia achore parabola tatu za y = Ax²: moja A ikiwa nusu, nyingine A ikiwa 2, ya tatu A ikiwa 3. Zote zikaanzia mahali pamoja, pale mistari miwili inapokatana, kisha kila moja ikapanda kwa ukali wake. Huo ndio ukoo. Ndani ya parabola moja, A haibadiliki. Ukihama kutoka parabola moja kwenda nyingine, A inabadilika. Kwa hiyo A si namba ya kawaida kama ile 2 iliyokaa juu ya x. A ni jina. Inatuambia ni mwana yupi wa ukoo tunayemzungumzia.

Sasa, y′ ni nini? Ni mteremko wa mchoro mahali fulani, yaani mchoro unapanda kiasi gani kwa kila hatua moja ya kwenda kulia. Nikamwambia kijana: tuseme wewe ni sisimizi, umesimama kwenye sakafu hii, na unataka kujua uelekee wapi ili ufuate parabola inayopita hapo miguuni pako. Unajua mahali ulipo tu: umbali wa x na kimo cha y. Ukipewa y′ = 2Ax utauliza, "A ipi?" Maelekezo hayo yanamfaa aliyekwisha kuambiwa jina la njia. Sisimizi hana jina. Ana mahali aliposimama.

Lakini mahali aliposimama panatosha, kwa sababu parabola inayopita hapo ni moja tu. Kama y = Ax², basi A = y/x². Hiyo A tunaichukua kutoka kwenye mlinganyo wa mwanzo na kuiweka kwenye ule wa mteremko:

y′ = 2 · (y/x²) · x = 2y/x

A imetoweka. Tukapima kwenye sakafu. Mahali ambapo x ni 1, parabola zetu tatu zina vimo vya nusu, 2 na 3. Miteremko yake ni 1, 4 na 6. Kila mmoja ni mara mbili ya kimo. Mahali ambapo x ni 2, vimo ni 2, 8 na 12, na miteremko ni hiyo hiyo 2, 8 na 12, sawa na kimo. Kijana akataka kujua kwenye 4 itakuwaje, akapiga hesabu mwenyewe: mteremko ni nusu ya kimo. Parabola zinatofautiana vimo na ukali, lakini uhusiano kati ya kimo, umbali na mteremko ni mmoja kwa ukoo mzima. Mlinganyo tofautishi ni uhusiano huo ulioandikwa bila kumtaja mwana yeyote.

"Kwa hiyo 2Ax si uongo," akasema.

Si uongo. Ni kweli juu ya mtu mmoja mmoja, na swali liliuliza habari za ukoo.

Kuondoa konstanti, basi, ni kazi ileile ya milinganyo miwili ya pamoja tuliyoifanya kidato cha pili, pale x ilipofukuzwa ili y ibaki peke yake. Tofauti ni kwamba hapa tulianza na mlinganyo mmoja tu, na mlinganyo mmoja haumfukuzi mtu. Wa pili tunautengeneza kwa kutofautisha. Ndiyo maana konstanti moja hudai kutofautisha mara moja: milinganyo miwili, A moja ya kufukuzwa, na kinachobaki ni jibu. Konstanti mbili hudai kutofautisha mara mbili ili tupate milinganyo mitatu. Jibu lake litakuwa na y″, yaani kasi ya kubadilika kwa mteremko wenyewe, na wanahisabati husema mlinganyo huo ni wa oda ya pili.

Mfano wa konstanti mbili ni y = Ax² + Bx. Ni parabola zote zinazopita pale x na y ni sifuri, kama njia za maji ya mpira wa bustani ulioshikwa mahali pamoja huku ukigeuzwa pembe na kuongezwa nguvu. Tofautisha mara moja: y′ = 2Ax + B. Tofautisha tena: y″ = 2A. Huu wa mwisho unatupa A bila jasho, A = y″/2. Ukiirudisha kwenye ule wa kati unapata B = y′ − xy″. Ukizitia zote mbili kwenye mlinganyo wa mwanzo na kupanga:

x²y″ − 2xy′ + 2y = 0

Ushauri wangu hapa ni wa kifundi tu: anza na mlinganyo wenye konstanti chache kuliko yote, ambao kwa kawaida ni ule uliotofautishwa mara nyingi zaidi, kisha rudi nyuma. Wanafunzi wengi huanza juu, wakavuta A ndani ya B na B ndani ya A mpaka ukurasa ukajaa. Na jibu lipime kabla ya kufunga daftari. Chukua mwana mmoja rahisi wa ukoo, tuseme y = x², ambaye y′ yake ni 2x na y″ yake ni 2. Yatie ndani: 2x² − 4x² + 2x² ni sifuri. Kisha jaribu y = x: 0 − 2x + 2x, sifuri tena. Kipimo hiki huchukua nusu dakika na hukamata karibu kila kosa la alama ya kutoa.

Kijana alipoona hesabu ya konstanti ni rahisi namna hiyo, akafungua swali la saba la zoezi lake: y = Ae^(x+B). Hapo e ni ile namba ya takriban 2.718. "Mbili," akasema. "Natofautisha mara mbili." Akatofautisha, akaona kila mara anarudia kitu kilekile, akaandika y″ = y. Akapima kwa y = e^x, ikakubali. Akanitazama kwa ushindi.

Jibu hilo si sahihi, na kosa lake limejificha kuliko lile la kwanza. e^(x+B) ni sawa na e^B mara e^x. Kwa hiyo A na e^B zimekaa pamoja zikizidishana, na zao lao ni namba moja tu ya kuchagua. Herufi ni mbili, lakini konstanti ni moja iliyovaa nguo mbili. Ukoo huu ni y = Ce^x, na kutofautisha mara moja kunatosha: y′ = y.

"Lakini yangu nayo inakubali," akabisha.

Inakubali, kwa sababu kila mwana wa ukoo anatii y″ = y. Tatizo ni wasio wana. Nikamwambia ajaribu y = e^(−x), mchoro unaoshuka badala ya kupanda. Mteremko wake ni −e^(−x), na ukitofautisha tena unarudi e^(−x). Nao unatii y″ = y, wakati hakuna A wala B yoyote itakayougeuza kuwa Ae^(x+B). Mgeni ameingia. Ukitofautisha kupita idadi halisi ya konstanti, unapata sheria legevu ambayo wana wanaitii na wapita njia pia wanaitii. Ndiyo maana kabla ya kutofautisha chochote tunauliza kwanza: je, herufi hizi zinaweza kuunganishwa? A + B ni moja. AB ni moja. ln(Ax) + B ni moja vilevile, maana ln A na B zinajumlishana. Dalili nyingine huonekana kazini: kama baada ya kutofautisha mara moja konstanti zote zimekwisha kutoweka, wakati ulihesabu mbili, basi ulihesabu vibaya.

Ningependa kusema kwamba ukihesabu vizuri wageni hawaingii kabisa. Haiko hivyo, na hapa ndipo somo hili linaponivutia mpaka leo.

Rudi kwenye parabola za sakafuni. Tulipoandika A = y/x² tuligawanya kwa x², na pale x ilipo sifuri mgawanyo huo hauna maana. Mahali penyewe ndipo parabola zote zinapokutana. Sisimizi akifika hapo, mteremko wa kila parabola ni sifuri, kwa hiyo hakuna cha kumwonyesha alikuwa akifuata ipi. Anaweza kuingia kwa njia ya y = −3x² kutoka kushoto na kutoka kwa njia ya y = x² upande wa kulia. Ukiandika mlinganyo wetu bila mgawanyo, xy′ = 2y, njia hiyo ya kuungaunga inautii kila mahali, bila kona wala mkatiko. Hata hivyo si parabola ya ukoo wetu. Ni nusu ya mmoja na nusu ya mwingine. Mahali ambapo wana wengi wa ukoo wanapita kwenye mlango mmoja, mlinganyo hauwezi tena kuwatenganisha.

Mgeni wa namna nyingine unaweza kumtengeneza kwa uzi na misumari, kama zile picha za nyuzi ambazo watoto hufanya shuleni kwenye kipande cha ubao. Chukua ukoo wa mistari iliyonyooka y = Ax − A². Kila A inatoa mstari mmoja: A ikiwa 1 unapata y = x − 1, ikiwa 2 unapata y = 2x − 4, ikiwa −1 unapata y = −x − 1, na kadhalika. Kuondoa A hapa ni rahisi mno, kwa sababu y′ ni A yenyewe. Iweke ndani:

y = xy′ − (y′)²

Sasa chora mistari hiyo ishirini au thelathini, au ivute kwa nyuzi. Hakuna uzi hata mmoja uliopinda, lakini jicho litaona wazi mpindo mzuri wa parabola juu yake, umezungukwa na nyuzi zinazougusa bila kuukata. Mpindo huo ni y = x²/4. Mteremko wake ni x/2; utie kwenye mlinganyo: x · x/2 − x²/4 = x²/4. Unatii. Lakini umepinda, na ukoo mzima ni wa mistari iliyonyooka. Sababu yake inaonekana kwenye picha: kila mahali juu ya mpindo huo kuna uzi mmoja unaougusa ukiwa na mteremko uleule, na mlinganyo wa oda ya kwanza hauangalii kitu kingine zaidi ya mahali na mteremko. Mfaransa Alexis Clairaut aliandika juu ya milinganyo ya sura hii mwaka 1734, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ukoo na mlinganyo wake tofautishi ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili, mwoneshe nyuzi.

Giza lilikuwa limeanza kuingia, na mama yake kijana alikuwa ametuletea chai. Nikaona tuitumie.

Chai ya moto ikiachwa mezani hupoa haraka mwanzoni, kisha polepole, ikikaribia joto la chumba. Isaac Newton alichapa habari za kupoa kwa vitu mwaka 1701, katika jarida la Royal Society la London, kwa Kilatini na bila kuweka jina lake. Ukiandika kanuni ya kupoa kwa lugha ya leo, joto J baada ya dakika t ni:

J = M + Be^(−kt)

M ni joto la mazingira, B ni jinsi chai ilivyozidi mazingira hapo mwanzo, na k inaeleza kikombe kinapoteza joto upesi kiasi gani. Herufi tatu. Je, konstanti ni ngapi? Jibu lake linategemea ni ukoo gani unaoutaka, na hilo hakuna kitabu kitakachokuamulia.

Kama una kikombe kimoja na chumba kimoja, basi k na M zimekwisha kuamuliwa. Kinachobadilika ni chai ilianza na joto gani tu. Futa B peke yake. J′ = −kBe^(−kt), na Be^(−kt) ni J − M, kwa hiyo:

J′ = −k(J − M)

Hii ndiyo sheria ya Newton kama inavyojulikana na wengi: kasi ya kupoa inalingana na tofauti kati ya chai na chumba. Imekuja kwa kufuta herufi moja.

Sasa tuseme unataka sheria ya vikombe vyote ndani ya chumba hicho, cha udongo, cha bati, cha plastiki. Hapo k nayo inakuwa jina la mwana, na lazima ifutwe. Tofautisha tena: J″ = −kJ′. Ukigawanya milinganyo hiyo miwili, k inakufa na unabaki na (J′)² = J″(J − M). Ukitaka vikombe vyote katika vyumba vyote, futa na M pia: tofautisha mara ya tatu, nawe utapata (J″)² = J′J‴. Kila hatua inapanua ukoo na kupandisha oda, na kila hatua inatuachia sheria inayosema machache zaidi juu ya kikombe kilichoko mezani.

Ile hatua ya kati ina matumizi ambayo kijana hakuyatarajia. Ndani yake hakuna B wala k, ila M imo. Maana yake ni kwamba ukiitazama chai inavyopoa, bila kujua ilianza na joto gani na bila kujua lolote juu ya kikombe, unaweza kujua joto la chumba. Kipimajoto hakipimi J′ wala J″, lakini ufutaji uleule unaweza kufanywa kwa vipimo vitatu vilivyoachana kwa muda sawa. Katika muda sawa, ile ziada ya joto juu ya chumba hupungua kwa uwiano uleule. Kwa hiyo:

(J₂ − M)/(J₁ − M) = (J₃ − M)/(J₂ − M)

Ukizidisha na kupanga, M² zinafutana pande zote mbili na unabaki na:

M = (J₁J₃ − J₂²)/(J₁ + J₃ − 2J₂)

Nikamwandikia mfano. Chai ina nyuzi 88, baada ya dakika kumi 76, baada ya kumi nyingine 66.4. Juu: 88 × 66.4 ni 5843.2, ukitoa 76 × 76, ambayo ni 5776, inabaki 67.2. Chini: 88 + 66.4 − 152 ni 2.4. Gawanya: 28. Chumba kina nyuzi 28, jioni ya kawaida Dar es Salaam.

Akafurahi, akaomba kipimajoto. Nikamwambia nyumbani nina cha jikoni ambacho husoma nyuzi nzima tu, hakina nukta. "Si tofauti ndogo?" akasema. Basi tuone: 66.4 itasomeka 66. Juu inakuwa 5808 − 5776, yaani 32. Chini inakuwa 2. Jibu: 16.

"Mwalimu, hii chai iko Njombe," akasema.

Na kama kipimajoto kingeteleza upande wa pili kikasoma 67, jibu lingekuwa 40. Nukta nne tu za nyuzi zimelisogeza jibu nyuzi 12. Kosa halijazaliwa na hesabu. Lilikuwa kwenye kipimo tangu mwanzo, na kufuta konstanti kumelikuza. Chanzo chake kinaonekana kwenye mstari wa chini, J₁ + J₃ − 2J₂, ambao ni ndugu wa J″. Unapima mpindo wa mchoro, na ndani ya dakika ishirini mchoro wa kupoa haujapinda sana. Ni kama mstari ulionyooka. Unagawanya kwa namba ndogo iliyotokana na kutoa namba kubwa zinazokaribiana. Dalili ya hatari ni hiyo: ukiona mstari wa chini ni 2 au 3 huku kipimo chako kinaweza kukosea nusu nyuzi, usiliamini jibu.

Dawa ni subira. Acha nusu saa kati ya vipimo badala ya dakika kumi. Chai ileile ingetoa 88, kisha takriban 58.7, kisha 43.7, na kipimajoto changu kingesoma 88, 59 na 44. Juu: 3872 − 3481, yaani 391. Chini: 132 − 118, yaani 14. Jibu ni 27.9. Hapo bahati imetusaidia kidogo, lakini hata cha mwisho kingesomeka 45 kwa makosa, jibu lingekuwa karibu 32, si 40.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linahusu chai yenyewe. Chai iliyo wazi haipoi kwa kugusana na hewa tu. Mvuke nao huondoka na joto, hasa ikiwa bado inachoma ulimi. Kwa hiyo mwanzoni hupoa upesi kuliko e^(−kt) inavyoruhusu. Huyo si mwana wa ukoo wetu hata kidogo, na ukimtia kwenye kanuni atakupa joto la chumba lisilokuwapo. Funika kikombe kwa kisahani, uanze kupima ikishuka chini ya nyuzi 60 hivi. Newton mwenyewe alitumia chuma kilichopashwa moto, akakiweka kwenye upepo uliovuma kwa kasi moja badala ya hewa iliyotulia, ili kila mara hewa iliyokigusa iwe mpya. Feni ya dari iliyofungwa namba moja itafanya kazi hiyo.

Kijana alifunika chai kwa kisahani, akawasha feni, akaweka simu imkumbushe baada ya nusu saa. Saa tatu kasoro usiku alinitumia ujumbe: 58, 43, 36.

Mahesabu niliyafanya nyuma ya bahasha. Juu 239, chini 8. Karibu nyuzi 30. Nikamjibu ajaribu cha mwisho kwa 35 na kwa 37 aone jibu linavyoruka, kisha anyanyue kisahani anywe, kama bado inanyweka.